Stetimenti ya viza ya mwanafunzi: hela iingie lini, kwa jina la nani, na kwa karatasi gani

Swali tunaloletewa sana kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane kila mwaka ni hili: mtoto amepata chuo Uingereza, hela ipo lakini imetawanyika, nyingine kwa mama, nyingine kwa shangazi, nyingine kwenye kikundi, na kuna kaka mmoja mtaani anasema atatukopesha ya kuonyesha benki halafu tumrudishie baada ya viza kutoka. Tufanyeje?

Tutajibu kwa kuchukua nchi moja tu, Uingereza, kwa sababu ndiyo wengi wenu mnaulizia na kanuni zake zimeandikwa wazi kuliko za nchi nyingi. Huku ofisa wa viza hapimi kama familia yenu ni matajiri. Anapima mambo matatu: kiasi kimefika, kimekaa siku zinazotakiwa, na akaunti ni ya mtu anayekubalika. Hela iliyoingia ghafla inatiliwa shaka pale ambapo haina historia wala karatasi. Ikiwa navyo, wala si ajabu. Watu huuza viwanja, vikundi huvunjwa, mtu hulipwa kiinua mgongo. Hayo ni maisha.

Kwanza kiasi

Kuna fungu la ada na fungu la kuishi. Fungu la ada ni ada ya mwaka wa kwanza, ukitoa kile ambacho tayari umelipa chuoni. Fungu la kuishi limewekwa na serikali yao: tangu tarehe 11 Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa anayesoma nje ya London, na pauni 1,529 kwa anayesoma London. Inahesabiwa miezi isiyozidi tisa, hata kama kozi ni ya mwaka mzima. Kwa hiyo nje ya London ni pauni 10,539, na London ni pauni 13,761. Viwango hivi huwa vinapandishwa, kwa hiyo kabla hujaanza kuhesabu fungua gov.uk uangalie cha sasa. Usitegemee karatasi ya jirani aliyeenda mwaka juzi.

Tuchukue mfano ambao tutakwenda nao mpaka mwisho. Baba ni dereva wa kreni Doha. Mama yuko Tanga ana genge. Binti yao amemaliza shahada ya kwanza na amepata nafasi ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, chuo kiko nje ya London, masomo yanaanza mwishoni mwa Septemba. Ada ni pauni 16,000, na wameshalipa 5,000 ya kushika nafasi. Imebaki 11,000. Ukijumlisha na 10,539 ya kuishi unapata pauni 21,539. Hiyo ndiyo namba yao. Kila kitu kitakachofuata kinazunguka namba hiyo.

Ile 5,000 iliyolipwa lazima ionekane kwenye CAS, yaani ile taarifa yenye namba ambayo chuo kinatoa ili mwanafunzi aombe viza, au kwenye risiti ya chuo. Wakati mwingine CAS inatoka kabla idara ya fedha ya chuo haijaingiza malipo, inaandika umelipa sifuri. Hapo mwandikie chuo warekebishe, na risiti yao uitunze. Ukiacha hivyo hivyo, kwenye hesabu ya ofisa unadaiwa 16,000 nzima.

Kuna pia ada ya viza yenyewe na ada ya huduma ya afya, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Kwa kozi ya mwaka mmoja viza hutoka ya mwaka na miezi kadhaa, kwa hiyo hiyo ya afya hufika pauni 1,164. Hela hizi hazimo kwenye 21,539. Ziweke pembeni, kwenye akaunti nyingine kabisa. Mtu akilipa malipo madogo madogo ya safari hii kutoka kwenye akaunti ile ile anayotaka kuionyesha, salio linashuka chini ya kiwango bila yeye kujua.

Jina lililo juu ya akaunti

Hapa ndipo ndugu zetu walioko Ghuba wanaumia zaidi, kwa sababu ya namna tunavyotuma hela nyumbani.

Akaunti zinazokubalika ni ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi wake au mlezi wake wa kisheria, au ya mume au mke wake. Basi. Akaunti ya kaka haihesabiki. Ya shangazi haihesabiki, hata kama shangazi ndiye aliyemlea mtoto tangu yuko darasa la kwanza, isipokuwa ana hati ya mahakama ya ulezi. Ya mjomba mwenye duka Kariakoo haihesabiki, hata iwe na mamilioni mangapi.

Sasa fikiria dada anayefanya kazi za ndani Muscat. Miaka sita anatuma hela kwa kaka yake kwa sababu yeye hakuwa na akaunti Tanzania, na kaka ni mwaminifu, kila senti iko pale. Mtoto wa huyu dada anapoomba viza, hela ni ya mama lakini jina ni la mjomba. Kwa ofisa, hiyo ni hela ya mjomba. Ikihamishiwa kwa mama leo, siku zinaanza kuhesabiwa leo.

Kwa hiyo kama una mtoto wa sekondari unayemfikiria kumpeleka nje, hela ya masomo yake ianze kwenda kwenye akaunti yenye jina lako au la mzazi mwenzako kuanzia mshahara ujao. Benki za nyumbani zina akaunti za watu wa nje. CRDB, kwa mfano, wana inayoitwa Tanzanite, ya Watanzania waishio nje. Na kama mwajiri anakulipa mkononi, peleka benki kila mwezi, usikusanye kwenye sanduku. Riali 40 zinazoingia kila mwezi kwa miaka mitatu zinajieleza zenyewe. Riali 1,440 zinazoingia siku moja kwa fedha taslimu zinahitaji mtu wa kuzieleza, na mdomo peke yake hautoshi. Stakabadhi za duka la kubadilisha fedha unakotumia hela msizitupe, hata zikichakaa. Zipige picha, maana wino wake hufutika.

Tuongeze jambo moja ambalo watu hulisikia nusunusu. Ni kweli kwamba raia wa Oman, Qatar, Kuwait, Bahrain na Emirati wanapoomba viza hii hawatakiwi kuambatisha stetimenti tangu mwanzo, ingawa wanaweza kuulizwa baadaye. Lakini hiyo inafuata pasipoti, haifuati mahali unapofanya kazi. Mtanzania, Mkenya au Mganda mwenye kitambulisho cha mkazi wa Muscat bado anaambatisha.

Mzazi anapotumia akaunti yake, kunatakiwa karatasi mbili zaidi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la mzazi huyo, na barua iliyosainiwa na mzazi kwamba huyu ni mwanangu na nimeridhia atumie fedha hizi kusomea. Barua ni rahisi. Cheti ndicho chenye mtego. Cheti kimeandikwa Mohamed Ally, pasipoti aliyosafiria baba Doha imeandikwa Muhammad Ali Salim, na benki ya Doha imefuata pasipoti. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Ofisa aliyeko Uingereza ana karatasi tu. Kama majina hayafanani, wahini RITA kuulizia marekebisho, na kama muda hautoshi basi hati ya kiapo mbele ya wakili inayoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Fanyeni hili miezi mitatu kabla, msisubiri CAS itoke ndiyo mkaanza kulinganisha herufi.

Siku 28, jinsi zinavyohesabiwa kweli

Kanuni inasema hivi: kiasi kinachotakiwa kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma maombi.

Watu wengi wanaelewa kwamba ni wastani wa mwezi, au kwamba salio la mwisho likiwa zuri inatosha. Sivyo. Ofisa anatafuta siku ambayo salio lilikuwa dogo kuliko siku zote. Akikuta siku moja imepungua hata pauni kumi, hesabu imevunjika, na inaanza upya siku ambayo hela ilirudi kufika.

Turudi kwa familia ya Tanga. Hela yao inatoka sehemu nne. Baba ana akiba Doha ya riali 62,000 za Qatar, ambayo tuseme kwa kiwango cha siku hizo ni kama pauni 12,800. Mama anauza kiwanja Kibaha kwa shilingi milioni 18, kama pauni 5,400. Shangazi wa binti, anayefanya kazi za ndani Muscat, anatoa riali 1,500 za Oman, kama pauni 2,900. Na kikundi cha mama kinagawana mwisho wa Mei, fungu lake ni milioni 6, kama pauni 1,800. Jumla pauni 22,900. Wamezidi kiwango kwa pauni 1,361.

Hela ya baba inabaki Doha ilipo. Haina sababu ya kuhamishwa, benki ya Doha inakubalika kama ya Tanga, mradi ni benki inayosimamiwa kisheria na stetimenti yake iko kwa Kiingereza. Nyingine zote zinaingia akaunti ya mama. Akaunti mbili za wazazi wawili, zote ziko kwenye cheti cha kuzaliwa. Zinajumlishwa, ila lazima stetimenti zote mbili zifunike siku zile zile.

Ya kiwanja inaingia tarehe 20 Aprili, ya shangazi tarehe 5 Mei, ya kikundi tarehe 3 Juni. Kwa hiyo siku ya kwanza ambayo jumla imevuka 21,539 ni tarehe 3 Juni, na siku ya 28 ni tarehe 30 Juni. Kisheria wangeweza kuchukua stetimenti inayoishia hapo. Sisi tungewaambia wasubiri wiki moja zaidi, wachukue inayoishia tarehe 8 Julai. Kisa ni kwamba benki nyingine huandika muamala siku ya pili yake, na ukihesabu 28 kamili bila nafasi, kosa la siku moja linakuangusha. Stetimenti ikiishia tarehe 8 Julai, wana mpaka tarehe 8 Agosti kutuma maombi. Wakituma katikati ya Julai wako salama, na majibu ambayo kwa kawaida huchukua kama wiki tatu yatatoka kabla ya Septemba.

Sasa lile la pauni 1,361 zilizozidi. Kuna watakaosema hela hiyo imelala bure. Hapana, ina kazi mbili. Ya kwanza ni kubadilika kwa thamani ya fedha. Uingereza hugeuza shilingi na riali kuwa pauni kwa kutumia kiwango cha tovuti ya OANDA siku ya kutuma maombi, siyo siku uliyoweka hela. Shilingi ikiteleza kidogo mwezi huo, milioni zako ni zile zile lakini pauni zimepungua. Ya kwake baba nayo, ingawa riali ya Qatar imefungwa kwenye dola, dola yenyewe hupanda na kushuka mbele ya pauni. Zidisha angalau asilimia tano, na kama hela nyingi iko kwa shilingi basi ikaribie kumi ukiweza.

Kazi ya pili ni misiba. Tuseme tarehe 19 Juni kuna msiba, mama anatoa milioni 2. Hizo ni kama pauni 600. Jumla inashuka hadi 22,300, bado iko juu ya kiwango, maombi yanaendelea. Angetoa milioni 5, jumla ingekuwa 21,400, chini ya kiwango kwa pauni 139 tu, na siku zote kumi na sita walizokwisha kukaa zingepotea. Ndiyo maana tunasema akaunti ya kuonyesha isiwe ile ile mnayotolea hela ya matumizi, wala ile ambayo baba anatumia kadi yake dukani Doha. Na nyumbani watu wajue tarehe. Mweleze mama mkwe, mweleze kaka: kuanzia tarehe fulani mpaka fulani hapa hapaguswi. Ni rahisi kusema hapana kabla ya kuombwa.

Hela kubwa inayoingia mara moja

Stetimenti ya familia hii ina miingio mitatu mikubwa kwa mama, ambaye kwa kawaida akaunti yake huingia laki mbili tatu za genge. Je, itatiliwa shaka? Kama stetimenti itapelekwa peke yake, ofisa ana haki ya kuuliza, na anaweza pia kuwasiliana na benki. Kwa hiyo tusingoje aulize. Kila muingio mkubwa uende na karatasi yake.

Kiwanja: mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, na hela iingie kwa uhamisho kutoka akaunti ya mnunuzi, siyo kwenye mfuko wa plastiki. Hapo jina la mnunuzi kwenye mkataba na jina la mtumaji kwenye stetimenti ni moja, na kiasi ni kile kile, milioni 18. Tumeona watu wanaandika kiasi kidogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi, halafu benki inaingia kubwa. Karatasi hiyo badala ya kukutetea inakushtaki.

Shangazi: hii ni zawadi, na lazima iwe zawadi kweli. Barua fupi aliyosaini inayosema anampa mpwa wake riali 1,500 kwa ajili ya masomo, hadai kurudishiwa, pamoja na nakala ya kitambulisho chake cha Oman na stakabadhi ya kutuma. Ikiingia akaunti ya mama ikakaa siku zake, ni hela ya mama.

Kikundi: barua ya viongozi, nakala ya daftari inayoonyesha michango yake, na malipo yatoke kwenye akaunti ya kikundi kwenda ya mama. Hela ikiwa bado imo ndani ya kikundi haihesabiki, hata daftari liwe safi namna gani, kwa sababu kikundi siyo taasisi ya fedha inayosimamiwa na kutunza kumbukumbu kwa kompyuta ambayo ofisa anaweza kuithibitisha. Karatasi zilizoandikwa kwa Kiswahili zitafsiriwe zote kwenda Kiingereza na mtafsiri anayeweka jina lake, saini, tarehe na mawasiliano.

Juu ya hayo yote binti anaandika ukurasa mmoja kwa Kiingereza: tarehe fulani iliingia kiasi fulani, imetoka hapa, angalia karatasi namba fulani. Mistari mitatu kwa miingio mitatu. Na mama achukue stetimenti ya miezi sita, siyo ya siku 28 tu. Kanuni haidai miezi sita, lakini muingio mkubwa ukiwa ndani yake, miezi sita inaonyesha kwamba akaunti ni hai, ya mtu anayefanya biashara, haikufunguliwa wiki iliyopita kwa kazi hii.

Kitu kimoja tunakikataza kabisa. Kuna ushauri unazunguka kwamba kama una hela kubwa, igawe vipande vipande uiingize kidogo kidogo ili isionekane. Usifanye. Milioni 18 ya kiwanja iliyoingia siku moja na mkataba wake ni stori safi. Milioni 18 iliyoingia taslimu mara tisa, milioni mbili mbili, inaonekana kama mtu anayeficha kitu, na mkataba wa kuonyesha haulingani tena na muamala wowote. Benki nazo zina wajibu wa kuripoti miamala ya namna hiyo. Kuweka kidogo kidogo ni sahihi pale unapoipata kidogo kidogo.

Huyu kaka wa kukopesha

Anaitwa kwa majina mengi, wakala, dalali, mtu wa benki. Anachofanya ni kukuwekea milioni 70 kwenye akaunti kwa mwezi mmoja, wewe unamlipa asilimia kadhaa. Wengine hawaweki hata hiyo hela, wanakutengenezea stetimenti.

Mkopo wa namna hiyo haukubaliki. Mikopo inayokubalika ni ya elimu, kutoka serikalini au kwa mkopeshaji anayesimamiwa kisheria. Hela ya kaka huyo si yako, huna mamlaka nayo, na ukisaini barua kwamba ni ya mzazi wako umesema uongo kwenye maombi. Stetimenti ya kutengeneza nayo hugundulika kwa simu moja tu ya benki. Ikigundulika, maombi yanakataliwa na mwombaji anaweza kufungiwa kupata viza ya Uingereza kwa miaka kumi. Anayefungiwa ni mtoto mwenye miaka 22, dalali hayumo. Na maombi ya nchi nyingine huuliza kama umewahi kukataliwa viza, kwa hiyo jambo linamfuata.

Lakini hata viza ikitoka, piga hesabu ya Oktoba. Hela imerudi kwa mwenyewe. Chuo kinadai 11,000 iliyobaki. Viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Hizo zitasaidia chakula na chumba cha kushirikiana, ada hazigusi. Chuo kisipolipwa kinamfuta, na kinatakiwa kuijulisha serikali, viza inakatwa. Baba wa Doha atakuwa amelipa 5,000, ada ya viza, ada ya afya, tiketi, na riba ya dalali, kisha binti anarudi Januari.

Hela ikichelewa

Tuseme kikundi hakikugawana Mei. Kiligawana tarehe 2 Julai. Bila milioni 6 ya mama, jumla ni 21,100, pungufu kwa pauni 439. Hapa watu ndipo wanapokimbilia kwa dalali. Kuna njia mbili halali.

Njia ya kwanza ni kusubiri. Tarehe 2 Julai mpaka 29 Julai ni siku 28. Wanachukua stetimenti siku chache baadaye, wanatuma maombi mwanzoni mwa Agosti. Inabana lakini inafika, kama chuo kinaanza mwishoni mwa Septemba.

Njia ya pili wengi hawaijui. Hela iliyolipwa chuoni haihitaji kukaa siku 28. Ukilipa pauni 1,800 ya ada leo, chuo kikaandika kwenye CAS, deni la ada linashuka kutoka 11,000 hadi 9,200, na namba yenu nzima inashuka kutoka 21,539 hadi 19,739. Zile 21,100 zilizokuwa zimekaa tangu Mei zinatosha na kubaki. Kwa hiyo hela iliyochelewa ipelekwe chuoni, na ile iliyokaa muda mrefu iachwe ikae. Wengi hufanya kinyume: wanalipa ada kwa kutoa kwenye ile hela iliyokaa, kisha wanaingiza mpya kujaza pengo, wakavunja siku zao wenyewe.

Kabla ya kulipa soma masharti ya chuo ya kurudisha ada endapo viza itakataliwa, na lipa kwa njia iliyo kwenye tovuti ya chuo, siyo kwa mtu anayesema atakulipia kwa bei nafuu. Kama mlipaji ni shangazi moja kwa moja kutoka Muscat, kiulizeni chuo kwanza, maana vingine havipokei ada kutoka kwa mtu asiye mzazi.

Na ukishatuma maombi usikomboe hela yote siku ya pili yake. Stetimenti imeshapelekwa, ni kweli, lakini ofisa anaweza kurudi kuuliza, na akaunti iliyobaki na shilingi elfu arobaini wiki moja baada ya maombi haipendezi kueleza. Iacheni mpaka majibu yatoke, kisha lipeni ada ya chuo kutoka hapo hapo.